Kushinda na Mzee wa Jirani kwa Ujira: Makubaliano, Fedha na Familia Iliyo Mbali

Mwongozo huu unamhusu mtu anayetaka kulipwa kwa kumtumikia mzee wa mtaani kwake, yaani kushinda naye saa chache, kumwendea sokoni, kumlipia umeme na kumsindikiza kliniki, wakati watoto wake wanaishi mbali. Kazi hii nimeifanya mjini Tanga, na mfano nitakaoufuata ni wa nyumba moja ya Ngamiani, ambayo baadhi ya mambo yake nimeyabadilisha ili isitambulike. Mwenye nyumba ni bibi wa miaka 78, mjane, mwenye presha na sukari, anayetembea kwa mkongojo ndani na kushikwa mkono nje. Binti yake mkubwa yuko Dar es Salaam, mwanawe wa kiume anafanya kazi Muscat, na binti wa mwisho ameolewa Korogwe. Wote watatu wanampenda mama yao na wote hutuma fedha, na kama nitakavyoeleza, hapo ndipo matatizo mengi yanapoanzia.

Hatua ya kwanza: tenganisha ujirani na kazi

Kikwazo cha mwanzo ni aibu. Katika mitaa yetu kumjulia hali mzee asubuhi, kumchotea ndoo ya maji au kumpelekea sahani ya futari ni ujirani, na atakayedai malipo kwa hayo atasemwa, tena kwa haki. Kanuni ninayoitumia ni kwamba jambo ninaloweza kuliacha leo bila mtu kuniuliza ni ujirani, na jambo lililopangiwa siku na saa, ambalo nisipofika mzee atakosa dawa au atalala na njaa, ni kazi. Ya kwanza naendelea kuifanya bure hata baada ya kuajiriwa, na sahani ya futari siiandiki popote. Ya pili naitajia bei mapema, kwa sababu msaidizi anayeona haya kutaja bei huishia kuacha kazi kimyakimya mwezi wa tatu, na mzee akabaki hajui amekosa nini.

Katika nyumba hii tulikubaliana siku tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, kwa shilingi 8,000 kwa siku. Tulihesabu kwa siku wala si kwa mwezi, ili mwezi wenye siku 13 za kazi ulipwe 104,000 na wenye siku 12 ulipwe 96,000 bila mabishano. Tuliongeza pia kwamba nikifika nikakuta wageni na kuambiwa nirudi nyumbani nitalipwa nusu, jambo dogo ambalo lisiposemwa mwanzoni huleta kinyongo, maana bibi mwenye jamaa wengi hupata wageni kila mara.

Hatua ya pili: anza na mzee, kisha familia

Mara nyingi anayekupigia simu ni mtoto aliye mbali, na ni rahisi kumalizana naye kila kitu halafu ukaenda kujitambulisha kwa mzee kama fundi aliyetumwa kuziba bomba. Ukifanya hivyo umeshaharibu. Mzee ataona amewekewa mlinzi, na kila utakalomshauri atalikataa. Nilipopigiwa na binti wa Dar es Salaam nilimwomba aniruhusu niende kwanza kumwamkia mama yake na kukaa naye barazani, bila kuzungumzia kazi, halafu yeye mwenyewe amwulize mama kama angependa nije. Bibi alichukua siku nne kujibu, na jibu lake lilikuja na sharti: nisiingie jikoni kwake kupanga vyombo upya, kwa kuwa msichana wa kazi aliyetangulia alifanya hivyo na mpaka leo kuna kijiko hakijulikani kilipo. Sharti hilo liliandikwa kwenye makubaliano pamoja na mengine.

Baada ya mzee kuridhia, iombe familia ichague msemaji mmoja. Watoto watatu wakikutumia maagizo matatu, mmoja akisema mama asile chumvi, mwingine akituma fedha za pweza na wa tatu akiuliza kwa nini hapelekwi hospitali nyingine, utajikuta unaamua mambo ya ndugu ambayo si yako. Nyumba hii ilimchagua binti wa Dar es Salaam. Ndugu wengine walikuwa huru kunipigia na kuuliza hali ya mama yao, na mwana wa Muscat alipenda kupiga Ijumaa kwa kuwa huko ni siku ya mapumziko, tukikumbuka kwamba saa za kwao ziko mbele ya zetu kwa saa moja. Lakini agizo lolote lenye gharama au linalogusa matibabu lilipaswa kupita kwa msemaji. Alipoagiza jambo kaka mtu, nilijibu kila mara kwa maneno yale yale: "Sawa kaka, naomba umwambie dada aniandikie, nitalifanya siku hiyo hiyo." Mwanzoni alikasirika kidogo, kisha akazoea.

Hatua ya tatu: karatasi moja, na mambo matatu yasiyofichwa

Makubaliano yaandikwe kwenye ukurasa mmoja unaoweza kusomwa kwa sauti mbele ya mzee. Yetu yalitaja siku na saa, ujira na tarehe ya kulipwa, kazi ninazofanya, kazi nisizofanya, na jina la msemaji. Niliambatisha nakala ya kitambulisho changu cha NIDA na namba za simu za watu wawili wanaonifahamu, mmoja wao akiwa mzee niliyewahi kumhudumia. Tulikwenda kwa mjumbe wa mtaa akashuhudia, na nakala ikabaki kwake, kwa sababu siku mzee akipatwa na jambo wewe utakuwa mtu wa kwanza kuulizwa ulikuwa na haki gani ya kuwa ndani ya nyumba ile.

Katika kazi nisizofanya niliandika kwamba sichomi sindano, sibadilishi kipimo cha dawa hata nikiagizwa na mtoto wake, simnyanyui peke yangu akianguka, wala siwi shahidi wa karatasi yoyote inayohusu nyumba, shamba au wosia. Hili la mwisho wasaidizi wengi hulidharau. Ndugu wanapokuja kugombea nyumba ya mama, sahihi ya mtu aliyekuwa akilipwa na mmoja wao ndiyo inayotafutwa kwanza, na hapo wema wako wote wa miaka miwili hugeuzwa kuwa njama. Bibi akikuomba usome hati yake ya nyumba, mwambie kwa upole kwamba utampigia msemaji na mjumbe waje waisome pamoja.

Kuna kipengele kimoja ambacho sasa sikubali kuanza kazi bila hicho. Mzee ana haki ya kuwa na siri zake. Akikuambia kwamba hampendi mkwewe, au kwamba bado anamkumbuka mchumba wa ujanani, hayo yanaishia kwako. Lakini kuna mambo matatu ambayo nitayapeleka kwa msemaji hata mzee akinikataza: akianguka, hata kama hakuumia, akiacha kula au kuacha dawa kwa siku nzima, na akichanganyikiwa kwa namna isiyo ya kawaida yake. Tuliyasema hayo mbele ya bibi kabla ya siku ya kwanza ya kazi, naye akakubali huku akicheka kwamba yeye haanguki. Wiki ya tano aliteleza chooni na kunisihi nisimwambie mwanawe asije akahamishwa kwenda Dar es Salaam. Nilimkumbusha tulivyoafikiana, nikamwomba tupige simu pamoja ili asikie kila neno nitakalosema, na yeye mwenyewe akaishia kueleza kisa chote. Kama kipengele kile kisingekuwepo, ningelazimika kuchagua kati ya kumsaliti yeye na kuidanganya familia.

Hatua ya nne: fedha

Hapa ndipo uaminifu hujengwa au huvunjika, na sizungumzii wizi. Wasaidizi wengi waliofukuzwa kwa tuhuma za fedha hawakuiba hata senti, isipokuwa walichanganya. Walipokea kwenye simu moja ujira wao na fedha za manunuzi, wakatoa kidogo kwa wakala leo na kidogo kesho, wakamlipia mzee dawa kwa fedha zao wakitarajia kujirudishia, na mwezi ulipokwisha hawakuweza kueleza hesabu ambayo wao wenyewe walikuwa hawaijui.

Ujira na fedha za manunuzi vitumwe siku tofauti, na ikiwezekana kwenye laini tofauti. Mimi ujira naupokea kwenye laini yangu ya kawaida tarehe moja, na fedha za manunuzi hutumwa kila Jumatatu kwenye laini ya pili ambayo siitumii kwa jambo lingine. Mwombe msemaji atume na ya kutolea. Makato ya wakala yanaonekana madogo, lakini ukiyalipa mwenyewe kila wiki kimoyomoyo utaanza kujihesabia kwamba unaidai familia fadhila, na hesabu za kimoyomoyo ndizo zinazoharibu daftari. Nikishatoa, nazihesabu mbele ya bibi na kuziweka kwenye kopo lake la biskuti kabatini pamoja na daftari. Fedha za manunuzi hazilali kwangu.

Kila ununuzi huandikwa siku ile ile, kwa tarehe, kitu, kiasi na baki. Wiki ya kwanza ilikwenda hivi. Jumatatu tulianza na shilingi 60,000. Sokoni nilinunua samaki wa 8,000, mchele kilo mbili kwa 6,000, nyanya na vitunguu vya 3,000 na nazi mbili kwa 2,000, jumla 19,000, zikabaki 41,000. Nilinunua umeme wa LUKU wa 10,000, nikazinakili daftarini zile tarakimu 20 za tokeni na kumtumia msemaji picha ya ujumbe wenyewe, zikabaki 31,000. Jumatano tulikwenda kliniki kwa bajaji, 3,000 kwenda na 3,000 kurudi, na dawa moja tuliinunua duka la dawa kwa 11,500. Daftari likasoma 13,500.

Muuza samaki hatoi risiti, na hakuna haja ya kumlazimisha. Ninachofanya ni kupanga vitu mezani nikifika, kuvipiga picha moja na kuituma pamoja na bei. Tarajia kuulizwa kwa nini nyanya za Tanga ni ghali kuliko za Dar es Salaam, na usikasirike, kwa kuwa anayeuliza huwa amezoea kununua sado nzima wakati wewe umenunua fungu la mtu mmoja. Mweleze kipimo kilivyo. Ukiona swali linarudi kila wiki, mwalike siku moja akupigie simu ukiwa sokoni ili asikie bei kwa masikio yake.

Ijumaa nilipofungua kopo nilikuta 11,500 badala ya 13,500. Katika hali hii njia tatu za kukimbilia humjia mtu akilini: kujaza 2,000 kutoka mfukoni, kupandisha bei ya kitu cha siku hiyo, au kunyamaza akitumaini wiki ijayo itajifuta. Zote tatu ni mbaya, na ya kwanza ndiyo mbaya zaidi kwa sababu inaonekana ni wema. Ukishajaza mara moja, daftari limekuwa la uongo, na siku upungufu utakapokuwa 20,000 hutakuwa na namna ya kusema ulianza lini. Niliandika kwa kalamu ile ile: "Pungufu 2,000, haijulikani." Nilimwonyesha bibi, kisha nikamwandikia msemaji kabla sijaenda sokoni.

Jibu lilipatikana Jumatatu. Bibi alikuwa amemtuma mtoto wa jirani vitumbua, na zilizobaki akaziweka za sadaka ya Ijumaa, kama alivyofanya maisha yake yote. Kosa lilikuwa letu sisi tuliopanga. Tuliweka kila shilingi chini ya hesabu tukasahau kwamba mama wa nyumba anahitaji fedha za kumpa mjukuu, za kahawa na za sadaka bila kumwomba mtu ruhusa wala kuandikiwa daftarini. Tangu wiki ile nilimwomba msemaji atenge shilingi 7,000 za mkononi, ambazo nampa bibi Jumatatu na kuziandika kwa mstari mmoja tu, "za Bibi," na baada ya hapo hakuna anayeuliza ziliendaje. Upungufu wa kopo ulikoma, na bibi akaacha kuliita kopo la biskuti kopo la polisi.

Mwiko mmoja hauna mjadala: usijue namba ya siri ya simu ya mzee, wala usimbonyezee kwa sababu macho yake hayaoni vizuri. Akitaka kutoa fedha zake, mpeleke kwa wakala wake aliyemzoea, simama hatua tatu nyuma, na kama hawezi kabisa kubonyeza basi fedha hizo zishughulikiwe na mtoto wake. Yapo pia matapeli wanaotuma ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii," na wapo wanaowapigia watoto wakidai mama yao amelazwa na fedha zinahitajika sasa hivi. Kwa ajili ya hao tulichagua neno moja la familia, jina la paka aliyekuwa nyumbani kwao zamani. Nikipiga simu ya dharura nalitaja, na asiyelitaja hatumiwi kitu hata sauti ikifanana na yangu.

Hatua ya tano: siku ya kliniki na ya dharura

Kwa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 mzee ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, na hospitali nyingi za serikali zina dirisha au utaratibu wa kuwatanguliza wazee, kwa hiyo usikae kwenye foleni ya wote kabla hujauliza. Usiku wa kuamkia kliniki weka katika mfuko mmoja kadi ya kliniki, kitambulisho, kadi ya bima au ya msamaha wa matibabu kama anayo, chupa ya maji, kitu kidogo cha kula, na dawa zote anazotumia zikiwa kwenye pakiti zake, pamoja na za kienyeji na zile alizopewa na shoga yake. Daktari akiona pakiti hahitaji kukisia, na si mara moja imegundulika kwamba mzee anameza dawa ile ile mara mbili kwa kuwa imekuja yenye majina mawili.

Ndani ya chumba cha daktari, mwache mzee ajibu mwenyewe. Unaweza kuongeza ulichokiona, kwa mfano kwamba wiki hii amekuwa akipata kizunguzungu anapoinuka, lakini usimjibie. Kabla hamjatoka, rudia kwa sauti ulichoelewa: dawa ipi imebadilika, inamezwa lini, na tarehe ya kurudi. Kisha piga picha kadi na uitume. Kama mwezi wa Ramadhani unakaribia na mzee wa sukari anakusudia kufunga, swali hilo liulizwe hapo kliniki mapema. Lisisubiri usiku wa daku, na wewe usilitolee fatwa.

Kuhusu dharura, tulifunga bahasha ya shilingi 30,000, bibi na mimi tukatia sahihi juu ya kifuniko, nikaipiga picha, na ikakaa nyuma ya kopo. Kazi yake ni nauli ya kwenda hospitali na malipo ya mwanzo, na makubaliano yanasema naweza kuifungua bila kumsubiri msemaji apokee simu. Mzee akipinda mdomo ghafla, mkono mmoja ukakosa nguvu au maneno yakaanza kumkwama, tazama saa, andika ilikuwa saa ngapi, kwa kuwa daktari atauliza, na ondoka naye. Usimlaze kwanza uone kama itapita. Mzee wa sukari akitokwa na jasho, akitetemeka na kuanza kusema mambo yasiyoeleweka, huenda sukari imeshuka. Kama yuko macho na anameza vizuri mpe maji yenye sukari au soda ya kawaida, na kama hajarudi katika hali yake baada ya dakika 15 mpe tena huku mkijiandaa kwenda. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu mdomoni.

Hatua ya sita: kushinda naye

Kusoma saa, kupika uji na kwenda sokoni hufundishika kwa siku mbili, lakini kukaa na mtu wa miaka 78 saa nne bila kumchosha ni ufundi. Wengi hukosea kwa kuwasha televisheni au kushika simu. Bibi huyu hakutaka mazungumzo yangu hata kidogo. Alitaka kufika kwa watu wa rika lake. Alikuwa na shoga wawili waliobaki hai, mmoja Makorora na mwingine Chumbageni, na hakuwa amewaona karibu mwaka mzima, si kwa ugonjwa bali kwa kukosa wa kumshika mkono kupanda na kushuka kwenye bajaji. Tulipanga Ijumaa moja kati ya mbili iwe ya kumtembelea mmoja wao. Mimi nilikaa ukumbini na wajukuu, wao wakakaa chumbani wakicheka mambo ambayo hayakunihusu. Vivyo hivyo kwa msiba: mzee akisikia jirani wa zamani amefiwa atataka kwenda kuhani, na kumpeleka kwa nusu saa akiwa na kiti chake mwenyewe kunafaa kuliko siku tatu za kumliwaza nyumbani.

Kwa siku za nyumbani, mpe kazi iliyo yake. Bibi alichambua mchele, alinielekeza kukuna nazi kwa namna aliyoiita ya kistaarabu, na alinisomea tarehe za kuzaliwa za ukoo mzima ambazo nilizinakili kwenye daftari la pili, analolihifadhi yeye. Kuoga, kama anahitaji msaada, kufanywe na mtu wa jinsia yake, na msaidizi wa kiume asibaki na bibi ndani milango ikiwa imefungwa, hata kama wote wanamwamini. Baraza ipo kwa ajili hiyo.

Hatua ya saba: taarifa, hasa zile mbaya

Taarifa ya kila siku iwe fupi na ya umbo lile lile, ili siku kitu kikibadilika kionekane. Ile ya Jumatano ya kwanza ilisema: "Shikamoo dada. Leo nimefika saa 3:05 asubuhi. Bibi amekunywa uji na dawa zote za asubuhi. Tumetoka kliniki, presha imepungua, dawa moja imebadilishwa, picha ya kadi nimetuma. Analalamika goti la kushoto. Nimetumia 17,500, baki 13,500. Nitakuja Ijumaa." Usiandike "Bibi hajambo" peke yake siku baada ya siku, maana mtoto aliye mbali huacha kuisoma na, baada ya muda, huacha kuiamini. Picha ya mzee itumwe tu kama ameridhia na amejitengeneza. Hakuna mama anayetaka kuonekana na wakwe zake akiwa na kanga ya kulalia.

Habari mbaya ipigiwe simu na isitumwe kwa sauti ya Wasapu, na ianze na hali aliyonayo sasa: "Bibi yuko salama, amekaa, anazungumza. Saa nne aliteleza chooni." Ukianza na kuanguka, msikilizaji hatasikia lolote linalofuata. Na kama kosa ni lako, kwa mfano umesahau kumpa dawa ya mchana, sema kabla haijagunduliwa. Mwezi wa pili nilisahau kweli, nikapiga simu jioni ile ile, na binti alikaa kimya kwa muda kisha akaniuliza tufanyeje isitokee tena. Tulianza kutumia kiboksi cha dawa chenye vyumba vya siku saba, kinachojazwa Jumatatu mbele ya bibi.

Hatua ya nane: siku utakapoitwa mwizi

Ukidumu katika kazi hii, siku hiyo itafika. Mzee anayeanza kupoteza kumbukumbu huficha vitu vyake ili visiibwe, husahau alikovificha, na aliye karibu ndiye anayeshukiwa. Bibi alinitazama asubuhi moja akasema pete yake ya dhahabu nimeichukua mimi. Usibishane, usiape, na usilie mbele yake. Nilimwambia, "Pole Bibi, hiyo pete ni ya thamani, tuitafute pamoja," nikamwita jirani mwanamke awepo, na tukaanza mahali alipolala. Tuliikuta ndani ya foronya. Aliyeipata ni yule jirani, na nilitaka iwe hivyo, kwa sababu anayepata kitu mwenyewe baada ya kutuhumiwa huonekana alikuwa amekirudisha. Nilimpigia msemaji siku hiyo hiyo nikamweleza tuhuma na mwisho wake, ili asije akaisikia nusu yake kutoka kwa shangazi.

Tazama pia kasi ya mabadiliko. Kusahau kunakokua kwa miezi ni jambo la kuiambia familia impeleke akapimwe. Kuchanganyikiwa kunakokuja ndani ya siku moja au mbili, hasa kukiwa na homa, kukojoa mara kwa mara au kutokunywa maji, huenda kukawa ni maambukizi, na huko ni kwenda hospitali leo. Pete ya bibi ilikuwa ya aina ya kwanza. Baada ya hapo familia ilikuja, wakaandika orodha ya vitu vya thamani wakiwa na mama yao, wakavichukua vyote isipokuwa pete aliyoivaa kidoleni, na orodha ikabaki na nakala kwa mjumbe.

Siku ya kuondoka, kwa heri au kwa ugomvi, usiondoke bila makabidhiano. Funguo, daftari, kopo, bahasha ikiwa bado imefungwa, kadi za kliniki na dawa zilizobaki vihesabiwe mbele ya mzee na mtu mmoja wa familia, wote watie sahihi chini ya mstari wa mwisho wa baki, na wewe ubaki na picha ya ukurasa huo. Nilipomaliza Ngamiani, baada ya binti wa Korogwe kuhamia kwa mama yake, baki ilikuwa shilingi 4,200. Bibi aliniambia nizichukue. Niliziandika kwanza kwenye daftari kwa jina langu, yeye akatia dole gumba, ndipo nikazichukua.